Inchi Mbili za Kisigino

Fundi Alute alikuwa ameshona viatu sokoni Singida kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akisema hawezi. Ndiyo maana Ijumaa, mteja wake Felista alipomwekea mezani viatu vya harusi vya mpwa wake Witness, fundi alivipokea.

Vilikuwa vya kuchomeka mguu tu: mkanda mmoja mpana juu ya vidole, nyuma wazi, kisigino cha inchi nne.

"Fundi, bwana harusi ni mfupi. Punguza inchi mbili."

Alute alijua kisigino kinavumilia kupunguzwa nusu inchi, basi. Chuma kilicho ndani ya soli kimekunjwa kwa urefu ule ule wa mwanzo; ukikata zaidi, kiatu hulalia nyuma.

"Au nimpelekee fundi wa Ihanja?" Felista alimchokoza.

Alute alikata. Akasawazisha kwa tupa, akapigilia raba mpya chini. Felista alipokuwa anavitia mfukoni akasema, "Afadhali. Mguu wenyewe ulivunjika, Witness katolewa plasta mwezi uliopita."

Fundi akaweka nyundo chini. Alipotaka kuongea, Felista alishavuka barabara.

Jumamosi, siku ya harusi, hakufungua benchi. Kila alipofumba macho aliona ncha ya kiatu ikiinuka, kisigino kikilala nyuma, na mguu ukichomoka, maana nyuma hapakuwa na mkanda wa kuushika. Na kanisa la harusi hiyo lina ngazi tisa za saruji.

Alipita dukani kwa Kuluthumu, akachukua sendozi nyeupe zisizo na kisigino, za mikanda mingi inayopanda hadi juu ya kifundo. Akakimbia hadi kanisani, na umri wake ule. Ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Witness alikuwa juu kabisa ya ngazi, mkono begani kwa mumewe, Clement. Aliinua mguu ashuke.

"Simama, mwanangu!" Sauti ya Alute ilipasuka. "Usishuke!"

Ngoma zikakoma. Alute alipanda ngazi, akapiga goti mbele ya watu wote.

"Shikamoo, babu," Witness alinong'ona, amepauka. "Kuna nini?"

"Marahaba. Viatu hivi nimeviharibu mimi. Nilijua, nikakata."

"Mzee, umelewa?" Felista alifoka. "Unatuaibisha!"

Alute alimvua viatu, akamvisha zile sendozi. Akafunga mkanda mmoja baada ya mwingine, hadi kifundo chenye kovu kikakaa imara.

Felista akanyakua kiatu kimoja, akakisimamisha ukingoni mwa ngazi. "Kina ubaya gani hiki? Tazameni!" Akakandamiza kwa kiganja, pale kisigino cha mtu kinapokaa.

Ncha iliinuka. Kiatu kikapinduka kinyumenyume, kikamponyoka, kikaenda kikigonga saruji ngazi baada ya ngazi, mpaka chini.

Witness alimshika fundi mkono, akaukaza.

"Nishushe wewe, babu," alisema.