Watu Waliomwomba Recho Mdhamini

Recho Masatu alifika nyumbani Nyasura, mjini Bunda, Jumatatu jioni, na Jumanne asubuhi kampuni iliyomwajiri kule Derby, Uingereza, ikamwandikia kwamba hana tena kazi.

Hakuuona ujumbe huo mapema. Sebule ilikuwa imejaa watu tangu saa mbili. Miaka mitatu alikuwa amewahudumia wazee wa Kizungu, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani, na kwa kazi hiyo mama yake alikuwa amehama kwenye vyumba viwili vya tope na kuingia nyumba ya bati la msauzi, yenye geti. Watu wa Bunda walikuja kuiona nyumba, halafu wakamwona na mwenye nyumba. Kila aliyekunywa chai alikuwa na kijana wake wa kidato cha sita, au mke aliyesomea uuguzi, au yeye mwenyewe, na kila mmoja alisema neno lile lile kwa sauti ya chini: sponsa, mwajiri wa kumdhamini kule. Amtafutie sponsa. Kazi yoyote, hata ya kuosha vyoo.

Recho alikuwa anaandika majina kwenye simu yake kwa adabu, la saba au la nane, ujumbe ulipoingia juu ya orodha hiyo. Aliufungua akidhani ni ratiba ya zamu. Mwajiri alieleza kwamba serikali imeifutia kampuni leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, kwamba kampuni inafunga shughuli, na kwamba anawatakia wote mafanikio mema huko waendako.

Aliinua uso, akamuuliza mzee aliyekuwa mbele yake jina la kijana wake linaandikwaje.

Mchana alijifungia chumbani akampigia simu mwanamke wa shirika moja la ushauri pale Derby, ambaye aliwahi kuwasaidia wenzake. Mwanamke yule alizungumza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Visa ya Recho ilikuwa ya kazi kwa mwajiri mmoja tu. Mwajiri akiondoka, visa haifi papo hapo. Inabaki hai mpaka Uhamiaji wa kule uandike barua ya kuifuta. Barua hiyo huweza kuchukua wiki, hata miezi. Ikimkuta mtu yuko ndani ya Uingereza, kwa kawaida humpa siku sitini, au zile zilizobaki kwenye visa kama ni chache zaidi. Ndani ya siku hizo anatakiwa apate mwajiri mpya mwenye leseni, apewe cheti cha udhamini, na atume maombi mapya. La sivyo afunge mizigo.

Recho akauliza, na ikimkuta mtu yuko nje?

Akiwa nje hapewi siku yoyote. Inafutwa siku hiyo hiyo. Na tangu Julai 2025 kazi za ulezi haziombwi tena kutoka nje ya nchi. Waajiri wanaruhusiwa kuchukua walioko kule tayari. Kwa hiyo arudi haraka, na afisa wa uwanja wa ndege akimuuliza kuhusu kazi, asidanganye. Wanaweza kumkatalia pale pale mlangoni. Hilo nalo alitakiwa kulijua kabla ya kupanda ndege.

Alikuwa amepewa likizo ya wiki tatu. Aliomba tiketi ibadilishwe, akapata nafasi ya Jumamosi kutoka Mwanza.

Shida ilikuwa Jumapili. Kaka yake Gasper, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Iringo, Musoma mjini, alikuwa ameandaa ibada ya shukrani kwa ajili ya nyumba na kwa ajili ya dada yake. Maturubai yalishakodiwa, kwaya mbili zilishaalikwa, na kadi zilishasambazwa kuanzia Musoma mpaka Butiama. Kwenye kadi palikuwa na picha ya Recho amevaa sare ya kazi, na chini yake maneno ya kumshukuru Mungu kwa kumpa binti yetu ajira ya kudumu.

Jumatano na Alhamisi Recho aliendelea kupokea wageni. Alipojaribu kuwaambia kwamba mambo ya kule yamekuwa magumu, walitikisa vichwa na kucheka kidogo. Kila aliyefika Ulaya husema magumu, wakamwambia, ndiyo maana huwa hawavuti wenzao. Mmoja alimwachia vyeti vya watoto wote wanne, pamoja na kuku.

Mama yake, Mama Tereza, hakusema kitu mpaka Alhamisi jioni. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, Recho amekaa naye jikoni na simu mkononi.

"Wamekufukuza?" aliuliza, bila kuinua macho.

Recho aliibana simu kwa mikono miwili.

"Nilifanyaga kazi kinu cha pamba hapa Bunda miaka kumi na moja," Mama Tereza alisema. "Walipofunga, wote tulikuwa tunakaa hivyo hivyo. Mtu mwenye kazi hashiki kitu namna hiyo."

Recho alimweleza yote. Mama alisikiliza, akauliza jambo moja tu, kama siku hizo sitini zimeshaanza kuhesabiwa. Alipoambiwa bado, akasema basi apande gari, na habari ya maturubai amwachie yeye.

Ijumaa asubuhi alifika Mbuke. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi kutoka Butiama, aliyesomea uuguzi, na tangu amalize alikuwa akijitolea kwenye zahanati bila ajira. Alikuja na bahasha ya kaki. Recho alikuwa anafunga begi na hakuwa na nguvu tena ya kuandika jina.

"Dada, mimi mwenyewe sina mdhamini," alimwambia. "Nimepoteza kazi Jumanne. Naondoka kesho kwenda kutafuta."

Mbuke aliweka bahasha mapajani. Alisema kwa upole kwamba kama ni hapana, aambiwe tu hapana, hatakasirika. Wengine wamemdanganyaga vibaya zaidi. Recho akampa simu asome. Mbuke alikijua Kiingereza. Aliusoma ujumbe wa mwajiri mara mbili, halafu akarudisha simu taratibu, kama anavyorudisha kipimo kwa mgonjwa mwenye majibu mabaya.

Kisha Mbuke akasema jambo ambalo hakulipanga alipopanda gari kutoka Butiama. Alikuwa na binamu yake anaitwa Florian, muuguzi katika nyumba ya wazee mji wa Hull, huko huko Uingereza. Nyumba hiyo ilikuwa na leseni na ilikuwa na upungufu wa watu. Mbuke alimwomba nafasi mwaka mzima, na Florian alijibu vile vile kila mara: hawaruhusiwi kumchukua mtu aliyeko Tanzania, wanamtaka aliyeko Uingereza tayari na ambaye mwajiri wake ameanguka.

"Nilikuwa nafikiri ananikwepa," Mbuke alisema. "Kumbe wapo kweli watu wa hivyo. Chukua namba yake. Mwambie nimekutuma mimi."

Recho alimuuliza kwa nini anampa.

"Mimi hainifai. Ikikaa tu kwenye simu yangu, itamfaa nani?"

Gasper alikuja jioni hiyo kutoka Musoma na gari limejaa viti vya plastiki. Recho alimwambia ukweli wote uani. Gasper alisikiliza, akazunguka gari, akarudi. Aliuliza kama hawezi kufukuzwa Jumatatu. Alisema amealika watu mia mbili, na mchungaji ameshaandaa neno. Hatimaye alikubali aondoke, kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayewaambia watu sababu. Jumapili, wakati Recho yuko Dar es Salaam akingoja ndege ya pili, Gasper alisimama mbele ya kwaya mbili akatangaza kwamba dada yake ameitwa kazini ghafla, kwa kuwa kule mambo hayaendi bila yeye. Watu walipiga makofi. Mchungaji alihubiri juu ya uaminifu kazini. Walipokula pilau, kiti cha Recho kiliwekwa meza kuu na picha yake juu yake.

Alipotua Uingereza, afisa wa uwanja wa ndege alimuuliza swali alilolitarajia: bado anafanya kazi kwa mwajiri huyu? Recho alijibu kwamba hapana, kampuni imefutiwa leseni, na amerudi kutafuta mwingine. Alikalishwa kwenye benchi. Alikaa saa mbili na zaidi, akimwangalia afisa akizungumza kwa simu nyuma ya kioo. Aliporudi, alimwambia angeweza kuifuta visa hiyo pale pale, lakini kwa kuwa bado haijafutwa na amesema kweli, atamwacha apite. Recho alimshukuru kwa Kiswahili bila kujua.

Barua ya Uhamiaji ilifika siku tisa baadaye. Siku sitini, kuanzia tarehe ya barua, na katika siku hizo hakuruhusiwa kufanya kazi. Wafanyakazi watatu wa kampuni ile waliokuwa likizo nje ya nchi nao waliandikiwa wiki hiyo. Wao hawakuwa na cha kuhesabu.

Florian alimpokea vizuri, ila meneja wake alikuwa na taratibu. Nyumba ya wazee ilipaswa kwanza ioneshe kwamba imejaribu kuajiri kutoka kwenye orodha ya walezi wa kigeni waliopoteza wadhamini wao. Recho alijiandikisha kwenye orodha hiyo kwa fomu ya kurasa nyingi, akithibitisha kwa hati kila alichopoteza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutafuta kazi maishani, sifa yake kubwa ilikuwa ni kuachishwa. Alifanya usaili siku ya ishirini na nne, akapita. Kumbe vyeti vya udhamini vya mwaka huo vilikuwa vimewaishia, wakaomba nyongeza, na nyongeza ikakaa. Recho alikuwa analala kwenye sofa la mwanakwaya mwenzake wa kanisani pale Derby, Gasper akimpigia kila Jumapili kumuuliza kwa sauti ya kusikika dukani, zamu zinaendaje.

Cheti kilitoka siku ya arobaini na nane. Maombi aliyatuma siku ya hamsini na moja, na kwa kuwa yalitumwa kabla ya muda kuisha, aliruhusiwa kungoja jibu akiwa ndani, bila kugusa kazi. Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Visa mpya, mwajiri mpya, mmoja tu, kama mwanzo.

Alipomaliza wiki ya kwanza kazini alimpigia Mbuke kumshukuru. Mbuke alifurahi, akamwambia naye amepata: halmashauri imempa mkataba wa miezi mitatu kwenye zahanati ile ile aliyokuwa anajitolea. Recho akamwuliza itakuwaje mkataba ukiisha na wasimwongeze.

"Nitakuwa nimeachishwa," Mbuke alisema. "Lakini dada, mimi hakuna atakayenihesabia siku za kutoka Butiama."

Walicheka wote wawili, Mbuke zaidi. Kisha akauliza kama kule Uingereza wameshafungua tena kuchukua watu kutoka nje.