Mwenyewe

Mama yangu hajui kutuma ujumbe wa sauti wa dakika moja. Akibonyeza kile kipaza sauti, anaanza na salamu za nyumba nzima, anapita kwenye bati, anaingia kwa majirani, anarudi kwenye bati, na katikati anamfokea kuku. Ndugu zangu hawasikilizi. Wanamngoja Karani.

Karani ni mimi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenibatiza hivyo, kwa sababu ofisini kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao. Watu kumi wazungumze saa mbili kila mtu na lake, mimi natoa ukurasa mmoja. Basi na nyumbani nikapewa cheo. Mama akituma sauti kwenye kundi la familia, mimi nasikiliza, napanga kila jambo na lenzake, naandika nani afanye nini na lini, narusha. Kaka hujibu kwa kidole gumba. Sitaki kusema uongo, nilikuwa najivuna.

Jumanne ile sauti ilikuwa ya dakika tisa na sekunde kumi na mbili. Nilikuwa na kikao saa tano, na mkuu wangu wa kazi hana simile. Nikaweka visikilizi masikioni, nikaongeza mwendo mara mbili. Mama akawa anaongea kama mnadi samaki. Nikaandika nyuma ya bahasha: bati, mpaka, ng'ombe. Kwa kawaida husikiliza mara mbili, ya kwanza kuelewa na ya pili kuhakiki majina na siku. Siku ile nilisikiliza mara moja.

Hivi ndivyo nilivyoandika:

"Habari za nyumbani kwa ufupi.
1. Bati la jikoni linavuja upande wa mlango. Fundi aje kabla ya Ijumaa.
2. Kikao cha mpaka na jirani ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Kaka awepo, aje na ile karatasi ya vipimo.
3. Ng'ombe: ndama amepona. Mama yake hali wala hanywi tangu Jumapili, amelala tu, tumbo limejaa. Aitwe daktari haraka."

Muhtasari msafi, au sio? Hata mtoto wa shule angeelewa. Kaka akaunyofoa moja kwa moja, akamrushia daktari wa mifugo bila kubadilisha nukta. Daktari akajibu kwamba yuko mbali, atafika Alhamisi asubuhi, na mgonjwa asilishwe kitu mpaka amwone. Kaka, mtu wa maneno machache, akamwandikia mama: "Daktari anakuja Alhamisi asubuhi. Asipewe chochote mpaka afike." Mama akajibu kwa sauti ya sekunde nne, fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwake: "Ahsanteni wanangu. Mungu awaweke."

Nilidhani anashukuru kwa ajili ya ng'ombe.

Alhamisi saa mbili na nusu simu ikaita. Ilikuwa namba ya kaka.

"Karani," akasema, "mama alisema nini kuhusu ng'ombe?"

"Kwamba hali. Si niliandika?"

"Daktari amemkuta ng'ombe zizini anacheua. Mzima kama mimi na wewe. Mama kamshika mkono, kampeleka chumbani. Kumbe ni baba. Ni baba asiyekula!"

Nikatoka ofisini bila kuaga.

Daktari yule wa ng'ombe ndiye aliyembeba baba yetu kwenye gari lake, kwenye godoro, pamoja na kamba zake na mabomba yake ya chanjo. Hospitalini wakasema utumbo umejisokota. Wakampasua mchana uleule. Yule mpasuaji akatuambia pale koridoni, huku akivua glavu, kwamba kama angeletwa Jumanne wangezungumza habari nyingine. Baba alifariki Ijumaa, kabla fundi wa bati hajafika.

Kaka hakunigombeza msibani. Afadhali angenigombeza. Alingoja watu wapungue, akaja nilipokuwa naosha vikombe, akaweka simu yake juu ya karai lililofunikwa. Akasema, "Tusikilize." Aikoni ya kipaza sauti kwake ilikuwa bado haijabadilika rangi. Kwa wiki nzima hakuwahi kuifungua, na mimi nilikuwa na haki ya kumrudishia hilo, ila nikafuta mikono, nikabonyeza.

Tukasikiliza kwa mwendo wa mama.

Bati. Kuku. Mpaka. Bati tena. Kisha: "Na yule ndama anaruka mpaka anataka kuvunja uzio, dawa imemfaa kweli." Halafu kimya. Kimya kirefu, unasikia mlango unarudishwa taratibu. Mama akashusha sauti, kama mtu anayeongea karibu na aliyelala. "Ila mwenyewe hali tangu juzi. Akinywa maji anarudisha. Amelala tu, tumbo limejaa. Hataki niwaambie, anasema mna kazi zenu." Kimya tena. Kisha sauti ikapanda: "Eh, na yule jirani na vigingi vyake!"

Mwenyewe. Miaka arobaini mama hajamtaja baba kwa jina. Mwenyewe karudi, mwenyewe kalala, mwekeeni mwenyewe chai yake. Tumekulia ndani ya neno hilo. Lakini katika mwendo wa mara mbili kile kimya kilikuwa kimebanwa hata sikukisikia, mlango haukusikika, ndama alikuwa bado anaruka, na mimi nikaona mwenyewe ni ng'ombe mwenye ndama. Lugha yetu nayo haikunisaidia. Mtu hali, ng'ombe hali, wote wamevaa kiambishi kimoja. Na ile habari ya kwamba hataki tuambiwe ilinipita kabisa, nadhani nilikuwa bado naandika neno "tumbo".

"Anarudisha," kaka akasema. "Wewe uliandika hanywi."

"Niliona ni kitu kilekile."

"Ng'ombe hatapiki, Karani. Nimefuga tangu nikiwa na miaka kumi. Ungeandika neno la mama kama lilivyo, ningejua."

Hapo ndipo kisu kilipoingia. Sikukosea kusikia tu. Neno lile nililisikia, nikaliona halikai vizuri, nikalinyoosha. Kazini husifiwa kwa hilo. Badala ya kupiga simu na kuuliza, "Mama, ni nani huyo?", nikapiga pasi.

Na mama alikuwa amekaa kando ya baba karibu siku mbili, akimlowesha midomo kwa kitambaa, kwa sababu watoto wake wameandika asipewe chochote. Alimvalisha shati jipya Alhamisi asubuhi. Alimwambia, "Unaona, watoto wamekutafutia daktari wa kuja mpaka nyumbani."

Hajanilaumu hata mara moja. Ila hatumi sauti tena. Nilimsihi, nikamwambia aseme hata nusu saa, nitasikiliza yote. Akasema hataki kutusumbua, amejifunza kufupisha. Anaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja.

Leo asubuhi nilimwuliza habari za nyumbani. Akaandika: "Mzima."

Nikauliza: "Nani, mama?"

Alama mbili zimegeuka buluu tangu saa tatu. Sasa ni saa tisa, na hajajibu.