Bibi na Bwana Waliopeana Mgongo

Aikaeli hakwenda Ilford kutafuta ukweli. Ukweli alikuwa nao tayari, ameupika mwenyewe na ukaiva. Alichotaka ni mtu wa kuupigia muhuri. Kila Alhamisi mumewe Ulimboka, ambaye siku hiyo hana zamu ghalani, hutoka nyumbani kwao Edmonton saa sita mchana, huzima simu, na hurudi saa kumi akiwa kimya. Ukimuuliza, anasema alikuwa anatembea. Anatembea! Mtu mzima, katika mvua ya London, anatembea tu! Miaka tisa ya ndoa, nyumba haina mtoto, halafu baba mwenye nyumba anatembea. Mwanamke yupo, hilo halina mjadala. Kilichobaki ni kujua kama ameshamzalia. Akithibitishiwa hilo, leo hii hii anafungasha virago na kuhamia kwa dada yake Tottenham.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo, badala ya kulala baada ya zamu ya usiku ya kutunza wazee, alipanda treni hadi kwa Mama Jaya. Huyu ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mjane wa miaka sabini na ushee, anayeishi juu ya duka la vitambaa na kusoma karata za ramli ziitwazo Lenormand, alizofundishwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa jirani yake. Kiswahili chake bado kina Kirumba, mtaa aliokulia, ndani, hakijaguswa na baridi.

"Kaa, mwanangu. Viatu umevua? Vizuri. Unauliza nini?"

"Mume wangu ana mwanamke."

"Hilo si swali, hiyo ni hukumu."

"Basi nauliza kuna nini kati yangu na yeye."

"Haya, sasa umeuliza."

Alimpa karata azichanganye, thelathini na sita, kila moja na picha yake na namba yake. Aikaeli alizikata kwa mkono wa kushoto kama alivyoona kwenye video, na Mama Jaya akacheka kidogo puani. Kisha mama akazipanga zote mezani, wazi, safu nne za karata tisa tisa. Hakubakiza hata moja mkononi.

"Sisomi kitu kabla sijawaona wenyewe. Wewe ni Bibi, namba ishirini na tisa. Mumeo ni Bwana, ishirini na nane. Watafute."

Aikaeli aliwaona mara moja. Wote wawili walikuwa safu ya tatu. Safu hiyo, kutoka kushoto, ilikuwa hivi: Mawingu, Bibi, Kitabu, Mtoto, Jeneza, Bwana, Bustani, Shada la Maua, Ufunguo. Alisoma mara moja tu, damu ikampanda kichwani.

"Si nilisema! Kitabu ni siri. Mtoto, ni mtoto wa nje. Jeneza, ndoa imekufa. Na yeye huyo anaelekea bustanini na maua mkononi! Mama, niambie tu, usinionee haya."

"Nani amekufundisha?"

"Nimeangalia video."

"Video zimekufundisha nusu." Mama Jaya alisogeza miwani. "Nyoka yuko wapi? Mwanamke wa pembeni mara nyingi ni Nyoka. Mtafute."

Nyoka alikuwa karata ya kwanza kabisa, juu kushoto. Aikaeli alishangaa kwamba alikuwa mbali hivyo.

"Bwana amempa kisogo, na kati yao kuna safari. Kwenye karata hizi, kilicho karibu kina nguvu, kilicho mbali ni hafifu. Lakini hesabu kutoka kwako kama farasi wa sataranji: mbili juu, moja kando. Unaangukia wapi?"

Aikaeli alihesabu kwa kidole. Aliangukia juu ya Nyoka.

"Sumu hiyo inakugusa wewe, mwanangu, haimgusi yeye. Sasa tazama juu ya kichwa chake. Kilicho juu ya kichwa ndicho anachokiwaza."

Juu ya Bwana palikuwa na Pete.

"Anawaza ndoa ya nani?" Aikaeli alifoka. "Yangu au ya huyo mwingine?"

"Lo, una kichwa kigumu! Kila nafasi hapa mezani ni nyumba, nayo ina mwenyewe kwa namba. Bwana amekaa nafasi ya ishirini na nne, nyumba ya Moyo. Hapo hajakaa mtu wa utani."

"Na maua je?"

"Yamekaa nafasi ya ishirini na sita, nyumba ya Kitabu. Ni maua ya siri, sikufichi."

"Ahaa!"

"Ngoja basi!" Mama Jaya aligonga meza. "Video hazikukuambia kwamba karata hizi zina nyuso? Anachokitazama mtu kiko mbele yake. Kilicho mgongoni kimeshapita. Bibi anatazama wapi?"

Aikaeli aliinama. Bibi wa karatasi alikuwa ametazama kushoto, kwenye Mawingu, yaani kwenye mashaka matupu. Bwana alikuwa ametazama kulia.

"Mmepeana mgongo. Kwa hiyo vyote vilivyo kati yenu viko nyuma yenu nyote wawili. Si mambo ya leo. Ni ya zamani, mnayajua wote, na kila mmoja ameyageuzia kisogo. Na hiki Kitabu kilichofungwa hakikugusa mgongo wake. Kimegusa mgongo wako, kwenye nyumba ya Mlima. Wewe ndiye uliyekifunga ukaweka na mlima juu." Mama alishusha sauti. "Mtoto yuko katikati, na Jeneza limemgusa. Huyu si mtoto wa nje. Ni mtoto gani, mwanangu?"

Aikaeli alifungua mdomo kusema hajui, akakuta anajua.

Miaka minne iliyopita alimzaa Tuntufye, aliyeishi siku tatu. Walipotoka mazishini, akiwa bado na koti mwilini, Aikaeli alimwambia mumewe, "Jina hilo nisilisikie tena humu ndani." Ulimboka aliitikia kwa kichwa, na kwa miaka minne hakulitamka. Aikaeli hakurudi makaburini hata mara moja. Na hakuwahi kujiuliza kama mwenzake alirudi.

"Jeneza, halafu Bwana, halafu Bustani, halafu Maua," alisema polepole, akigusa karata moja moja.

"Sasa unasoma," alisema Mama Jaya.

Hata hivyo, katika treni na kisha katika basi la kwenda makaburini, shaka haikumwachia. Huenda mama yule alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huenda akifika atakuta mawe na majani tu, na Ulimboka yuko kwingine na mtu wake. Akaapa kwamba asipomkuta, jioni analala Tottenham, na karata zote za duniani zisimwambie kitu.

Alimkuta. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe dogo, anabadilisha maua ya wiki iliyopita, mgongo wake umeloa. Aikaeli alisogea taratibu, na hata hapo, Mungu amsamehe, alitega sikio kumnasa.

Ulimboka alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwanawe mlangoni.

"Mama yako hajambo, Tuntu," alikuwa anasema. "Amekutumia salamu, kama kila wiki. Angekuja leo, ila kazi imembana."