Herufi Moja ya Umesh

Alhamisi jioni, Mokeira alikuwa akipukuchua mahindi nje ya jiko lake huko Nyansiongo, marehemu mumewe Umesh alipoingia langoni akitoka mochari. Alivuta kigoda, akachukua hindi moja, akaanza kazi.

"Umekuja kwa miguu?"

"Hawajaamua mahali pa kuniweka," Umesh alisema. Punje zilizopita mikononi mwake zilitoka na umande.

Na kweli hawakuwa wameamua. Umesh alizaliwa katika familia ya Kihindu yenye duka Kisii mjini, akabatizwa Msabato miaka thelathini na moja iliyopita, na tangu hapo hakuuza hata msumari Jumamosi. Ndugu zake walileta maua, wakasema kwa heshima kwamba hawawezi kumfanyia ibada ya dini aliyoiacha. Kanisani nako mzee Angwenyi aliandika barua: marehemu ni Mhindu, Wahindu huchomwa, kwa hivyo kanisa halitaimba kaburini.

Angwenyi mwenyewe alifika kutoa pole. Aliketi kando ya Umesh bila kumsalimu, maana mafundisho yasema wafu hawajui neno lolote.

"Mzee, umeandika Mhindu," Mokeira akamwambia. "Mhindi ni asili. Mhindu ni dini. Asili hakuiomba, na dini aliibadilisha ukiona. Si wewe ulimshikia taulo pale mtoni?"

"Hiyo ni herufi moja tu, mama."

"Na Ombati wako?"

Ombati, mtoto wa nduguye Angwenyi, yuko Nairobi. Amenyoa kipara, ameacha nyama, anamwimbia Krishna kila alfajiri.

"Yule? Yule ni Mgusii! Amepotea kidogo tu. Akifa tutamwimbia. Damu haipotei."

"Kwa hivyo Mhindu atazikwa kwa nyimbo, na Msabato achomwe?"

"Hao hawageuki, Mokeira. Iko usoni. Hata binti yako, hebu mtazame pua."

Nyakerario, aliyekuwa akimimina chai, hakuwahi kuingia hekalu lolote. Shuleni wenzake humwuliza ng'ombe wa kwao huabudiwa saa ngapi, kabla ya kukamuliwa au baadaye. Alimjazia mzee kikombe bila kumwaga tone.

"Nilipotoka majini," Umesh alisema, "alinipangusa uso mara tatu. Nadhani alingoja rangi itoke."

Angwenyi akaomba sukari.

Jumapili walimzika kando ya shamba la chai. Mokeira aliimba peke yake, sauti ya kwanza na ya pili kwa zamu.

Sabato iliyofuata Umesh alikuwa benchi la tatu, kati ya mkewe na bintiye. Waliokaa karibu walifunga vifungo vya sweta kwa ubaridi wake na kumsogezea kitabu cha nyimbo. Mzee Angwenyi alipanda mimbarini.

"Wageni wetu wasimame tuwatambue."

Hakuna aliyesimama. Mzee akangoja, macho yakiwa benchi la tatu. Umesh akainuka, udongo ukamdondoka magotini. Kanisa zima likasema karibu.

Mzee bado alikuwa akingoja. Nyakerario akamtazama mama yake, kisha naye akasimama.