Maelezo ya Zita, Fundi Cherehani

Mwaka 1978 kikundi cha ushonaji cha akina mama wa Nyakahura kilialikwa kwenye maonyesho ya Saba Saba, Bukoba. Benedicta, bibi maendeleo wa wilaya, alitaka kila fundi awe na maelezo mafupi yake, yabandikwe juu ya nguo alizoshona. Zita alimletea ukurasa mzima.

Zita alikuwa ameshona Kampala kwa miaka mingi, katika karakana ya fundi Mhindi, hadi Wahindi walipofukuzwa na milango ikafungwa. Alirudi Biharamulo na mkasi wake tu. Ukurasa ule ulikuwa na Hoteli ya Namirembe, mke wa waziri, na balozi fulani wa Ulaya. Kijijini walishazoea, walimwita Mama Kampala, wakacheka.

Benedicta alisoma, akauliza kwa upole, "Mama, kwenye gauni la mke wa waziri ulishona nini?"

"Upindo."

"Na balozi?"

Zita alikiri kwamba alimwona akichukua suruali yake.

Benedicta akawafuta wote wawili. Alieleza kwamba msomaji akiona majina mengi huanza kutafuta fundi mwenyewe yuko wapi. Hoteli aliiacha, kwa kuwa Zita aliishonea makoti ya wahudumu kwa mamia, yote yakalingana, na wanaotafuta sare za shule wanahitaji mtu wa namna hiyo. Kazi itangulie, jina lifuate, tena mara moja tu.

Zita alitazama mistari iliyokatwa. Hakuwa amewataja wale watu ili aonekane mkubwa. Kila alipoyatamka majina yale, barabara ya karakana ilimrudia, na mvua ya mchana, na cherehani mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu.

"Basi mwandike Nalwoga," alisema. "Tulishona makoti yale pamoja. Mimi kola, yeye mikono."

"Lakini huyo hajulikani na mtu."

"Najua."

Benedicta alisita, kisha akaandika: *Zita hushona sare nyingi kwa kipimo kimoja. Kola za makoti ya wahudumu wa Hoteli ya Namirembe, Kampala, alizishona yeye. Mikono ilishonwa na mwenzake, Nalwoga.*

Bukoba, mwalimu mkuu mmoja kutoka Murusagamba alisoma, akapindua kola ya shati lililotundikwa, akavuta uzi. Hakuuliza habari za hoteli. Aliagiza sare za shule nzima.

Oktoba vita vikaanza, na mpaka ukawa moto. Zita alishona sare huku redio ya kijiji ikitaja Masaka, kisha Kampala. Kazimili, kijana wa jirani aliyekuwa jeshini, ambaye Zita alimwomba amtafute Nalwoga, aliporudi alimweleza kwamba aliifikia ile barabara ya karakana. Maduka yalikuwa yamevunjwa, na kila aliyemuuliza habari za Nalwoga alitikisa kichwa.

Zita alimshukuru, akamkaribisha chakula. Kijana alipoondoka, Zita alikaa kwenye cherehani akashona mikono ya shati la mtoto, polepole, kazi ambayo Kampala hakuwahi kuifanya.