Msumari Chini ya Kanuni

Nyumba yangu ina vyumba vinne, na kila chumba kina mwenyewe. Wa chumba cha tatu akihamia cha pili, nyumba nzima inaungua. Usijisumbue kukitegua kitendawili hicho, jibu lake linakuja. Siku ile lilikuwa mezani kwa shangazi mtu, karatasi moja tu, na kidogo limtoe binti wa watu ofisini akiwa ameshika kiatu mkononi.

Shangazi huyo alikuwa wakili. Makarani walimwita Msumeno, nyuma ya mgongo wake lakini, maana alikata akienda na akakata akirudi. Binti alikuwa mtoto wa kaka yake. Chuo cha sheria alishamaliza. Kilichobaki ni mwaka wa mafunzo chini ya wakili mzoefu, na mwisho wa mwaka wakili huyo amtilie sahihi ndipo aapishwe. Tatizo ni kwamba kaka mtu na dada mtu walikuwa hawapeani hata salamu tangu walipogombea nyumba ya marehemu baba yao. Shangazi alimpokea binti ili watu wasiseme. Kumpokea na kumpenda ni vitu viwili.

"Hapa mimi si shangazi yako," alimwambia siku ya kwanza, hata kiti hakumpa. "Shangazi nimemwacha nyumbani jikoni. Hapa yuko Wakili. Na ulitie akilini hili: siku utakayonisimamisha mbele ya hakimu na muhtasari mbovu, siku hiyo hiyo unarudi kwa baba yako bila sahihi."

"Ndiyo, shan... ndiyo, Wakili."

Kazi ya binti ilikuwa kusoma hukumu za zamani, ndefu kama njaa, na kila moja kuifupisha kwenye karatasi yenye vichwa vinne. Hoja: swali ambalo mahakama iliulizwa. Kanuni: sheria inasemaje, kwa yeyote, popote. Matumizi: kanuni hiyo ilipokutanishwa na yaliyotokea kwa watu wale, ilionyesha nini. Hitimisho: basi jibu la swali ni lipi. Ndivyo vile vyumba vinne.

Asubuhi hiyo mteja alikuwa mwenye gereji, mtu mnene wa sauti ndogo, oili imemganda kwenye kucha. Gari la mtu lilikuwa limeibwa gerejini kwake, na mwenye gari amemshitaki. Kesi ilikuwa inasikilizwa kesho yake. Msumeno alivaa miwani, akaipitia karatasi ya binti, akaipitia tena, kisha akaishusha polepole kama mtu anayeweka sahani yenye ufa.

"Ufunguo wa gari uliuweka wapi?"

"Kwenye msumari ukutani, mama. Ndiko funguo zote zinakokaa."

"Basi tumekwisha. Hii ni hukumu ya mahakama ya rufaa, hakimu wetu hawezi kuikwepa. Kanuni inasema," akasoma kwa kidole, "'mwenye gereji anayetundika ufunguo wa mteja kwenye msumari atawajibika gari likiibwa.' Mchana huu nampigia wakili wao tuafikiane. Utalipa."

"Nitalipa na nini? Niuze gereji?"

"Sijui utauza nini. Mimi nauza ushauri, na nimeshakupa."

Binti alikuwa kwenye rafu, amekumbatia mafaili. Aliposikia neno msumari likisomwa kwa sauti, alikumbuka alikolitoa. Msumari! Msumari haukuwa kanuni hata kidogo. Jaji alikuwa ameuandika kwa maneno mazito, katikati ya hukumu, na yeye kwa haraka akaona zito ndilo sheria, akalipandisha chumba cha pili. Sasa mtu anauza gereji kwa sababu ya sentensi iliyolala kitanda kisicho chake.

Angenyamaza, nani angejua? Mteja angelipa, faili lingefungwa, sahihi ingekuja mwisho wa mwaka. Akamtazama yule mtu akifuta uso kwa kiganja na kujipaka oili kwenye paji, akapiga moyo konde.

"Wakili, usipige simu. Karatasi hiyo ina kosa. Kosa langu."

Msumeno hakugeuka. "Rudia."

"Msumari ni wa kwenye matumizi. Kanuni yenyewe ni kwamba anayepokea mali ya mtu aitunze kwa malipo, lazima aichunge kama mtu makini. Ikipotea, ni juu yake yeye kuthibitisha kwamba hakuzembea. Ni hiyo tu. Yule wa kwenye hukumu alitundika ufunguo karibu na mlango wa barabarani, akauacha mlango wazi, akaenda kula, hakubaki mtu. Ndiyo maana akashindwa. Si kwa sababu ya msumari peke yake."

"Na hayo uliyaficha wapi?"

"Sikuyaficha. Hukumu nzima iko hapo kushoto kwako. Ungeisoma..."

"Ungeisoma!" Sasa aligeuka. "Nimekulipia nauli miezi yote hii nikusomee na hukumu? Baba yako naye alikuwa hivi hivi: anavunja chungu, halafu anauliza nani aliyekiweka njiani!"

"Baba hayumo kwenye hii kesi, Wakili."

Mteja alitazama viatu vyake. Kuku wawili wakipigana, mtama ukae kimya.

Msumeno alivuta ile hukumu kwa hasira, akapekua hadi katikati, akasoma midomo ikimchezacheza. Alipomaliza aliisukuma kando. Alimgeukia mteja.

"Msumari wako uko chumba gani?"

"Ofisi ya nyuma, mama. Ina mlango wa chuma. Walikata kufuli, mlinzi wakamfunga kamba. Polisi walikuja wakayaona."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza ufunguo tu."

"Kesho njoo na mlinzi, na kufuli uje nalo. Kushinda sikuahidi, kuthibitisha ni juu yetu. Lakini simu sipigi. Nenda."

Mlango ulipofungwa, shangazi aliinua ile karatasi kwa ncha za vidole, kama panya kwa mkia.

"Haya, mwanasheria. Hoja: binti huyu anabaki au anaondoka? Kanuni nilikupa siku ya kwanza. Matumizi: muhtasari mbovu huu hapa, na mwenyewe umekiri. Hitimisho lijaze wewe. Mkoba wako uko pale."

Binti hakuugusa mkoba.

"Kanuni yako umeifupisha vibaya, Wakili. Ulisema siku nitakayokusimamisha mbele ya hakimu na muhtasari mbovu. Kwa hakimu hujafika. Hapa uko mbele yangu na rafu."

Kule kwa makarani, mashine ya kuchapa ilikuwa imenyamaza ghafla. Masikio yalikuwa kazini.

Msumeno aliichana karatasi vipande viwili, kisha vinne, akavitupa kwenye kapu la taka.

"Iandike upya. Naitaka kabla sijanawa mikono kula. Na hoja uiandike kama swali. Umeiandika kama matusi."

"Ndiyo, Wakili."

"Na usinichekee. Sijakusamehe. Nimekosa tu pa kukukatia."

Binti alikaa, akavuta karatasi mpya. Aliandika vichwa vinne, akaacha nafasi pana chini ya kila kimoja. Msumari aliuweka chumba cha tatu.