Rangi Inayopitisha Maji

Mama Kucha alikuwa ameshabandika tangazo mlangoni pa saluni yake ya kucha: "Rangi ya kucha inayopitisha maji. Waweza kutawadha!" Ndipo mpwa wake, bibi harusi wa kesho, akaingia na shangazi yake, mwalimu wa madrasa.

"Nani kasema inapitisha?" mwalimu aliuliza kabla hata ya kukaa.

"Aliyeniuzia. Alipaka kwenye tishu, akailaza juu ya tishu nyingine, akadondosha maji, akasugua kwa kidole. Tishu ya chini ikalowa."

"Alipaka tabaka ngapi?"

"Moja, nyepesi."

"Tishu ina vitundu, na yeye akayasukuma maji kwa kidole. Ukucha hauna vitundu hivyo. Wewe wateja wako unawapaka tabaka ngapi?"

"Mbili, na ya kung'arisha juu." Mama Kucha alikigeuza kichupa mkononi. Lebo ilisema rangi "inapumua". Ni kweli hewa au mvuke unaweza kupenya, lakini udhu unataka maji yaufikie ukucha, tena kwa muda ule mfupi wa kuosha mikono.

"Rudini Alasiri," alisema. "Nitaijaribu mwenyewe."

Alipaka rangi hiyo juu ya nailoni laini, tabaka mbili na ya kung'arisha, kama anavyowapaka wateja. Pembeni akapaka rangi ya kawaida vivyo hivyo. Zilipokauka kabisa, alizibandua taratibu, zikatoka kama maganda ya kitunguu. Akazilaza juu ya tishu kavu, na kila moja akaitonea katikati tone la maji yenye wino wa bluu, mbali na kingo. Tone la tatu akalidondosha kwenye tishu tupu, likafyonzwa papo hapo.

Wageni waliporudi, walikodoa macho pamoja naye. Dakika kumi zikapita. Akafuta matone, akainua maganda yote mawili. Chini ya ile ya kawaida, kavu kau. Chini ya ile ya tangazo, kavu kau vilevile.

"Basi ndiyo hivyo," alisema, akaenda kulibandua tangazo. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka usikose rangi wala swala."

Bibi harusi akaangua kicheko. "Sherehe ya wanawake si baada ya Isha? Nipake nikishaswali, uifute kabla ya udhu wa Alfajiri!"

Mwalimu akapiga makofi. "Huyo nimemfundisha mimi!"

Kesho yake, Isha ilipokwisha, Mama Kucha alitandika taulo kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, akapaka vidole kumi vya bibi harusi rangi nyekundu ya kuwaka. Habari zikaenea. Ghafla mlangoni pakawa na foleni ya dada, mawifi na mabinamu, kila mmoja kanyoosha mikono, na kila mmoja akaondoka na kichupa cha dawa ya kufutia.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwalimu.

"Na wewe?" Mama Kucha alishangaa.

"Zambarau," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Na usinibanie ile ya kung'arisha."